Meza Saba za Sinza: Kuutangaza Mgahawa Mdogo kwa Pesa Kidogo

Wifi yangu ana mgahawa wa meza saba Sinza, Dar es Salaam, kwenye mtaa wa ndani usiopita daladala. Anapika chakula cha mchana tu: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage, mchicha, ndizi nyama, na Ijumaa pilau. Mwaka jana alitoa shilingi 50,000 kulipia tangazo la picha moja kwenye mtandao wa kijamii. Baada ya siku tano simu ilimwonyesha kwamba maelfu ya watu wameiona. Jioni akanipigia.

"Wifi," akasema, "watu wote hawa wameona, mbona wanaokaa vitini ni walewale?"

Nilikwenda kesho yake tukalifungua tangazo pamoja. Alikuwa ameacha lionyeshwe kwa jiji zima. Walioipenda picha walikuwa wa Mbagala, Kigamboni, Gongo la Mboto, Bunju. Mtu wa Kigamboni hawezi kutoka kazini saa sita mchana, akavuka bahari, akala wali samaki Sinza na kuwahi kurudi saa saba. Hata angeipenda picha kwa moyo wake wote, huyo si mteja wa chakula cha mchana.

Siku hiyo tulichukua daftari tukaandika ni nani anaweza kufika pale kwa miguu ndani ya dakika kumi. Tulipata ofisi nne ndogo, benki moja, saluni na vinyozi wasiopungua kumi, gereji, duka la dawa, mafundi cherehani, bodaboda wa kijiwe cha kona, na wapangaji wa nyumba za jirani wasiopika mchana. Ukiwajumlisha ni mamia ya watu, na mgahawa wenye viti 28 hauhitaji zaidi ya hao. Tangu hapo kila tulichofanya mtandaoni kilipimwa kwa swali moja: je, kinamfikia mtu wa dakika kumi, na kinamrudisha?

Tulianza na ramani, kabla ya picha yoyote. Mgeni aliyetumwa kikazi Sinza, akishikwa na njaa, haingii Instagram. Anaandika kwenye simu "chakula cha mchana karibu nami" au "wali samaki Sinza". Google yenyewe inaeleza kwamba matokeo ya utafutaji wa aina hiyo hupangwa kwa mambo matatu: biashara inahusiana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadili, lakini hayo mengine mawili yamo mikononi mwako, na kujiandikisha ni bure.

Kumbe mgahawa ulikuwa tayari kwenye ramani. Mtu fulani aliuweka zamani kwa jina la mpangaji aliyetangulia, namba ya simu haipatikani, na alama yenyewe imekaa mtaa wa pili, upande wa makaburi. Kila bodaboda aliyefuata ramani ile alifika mahali pasipo mgahawa. Tuliuomba umiliki wa ukurasa ule kupitia Google Business Profile. Uthibitisho ulikuwa wa video: unapiga video moja bila kukata, ukionyesha mtaa na kibao cha nje, kisha ndani, jikoni na vifaa, na kitu kinachothibitisha kwamba wewe ndiye mwenye mahali, kama vile kufungua mlango kwa ufunguo wako au droo ya keshia. Video ya kwanza ilikataliwa, kwa sababu mgahawa haukuwa na kibao chenye jina. Fundi wa rangi akaandika jina juu ya mlango, tukapiga nyingine, ikapita.

Hapo tukajaza yaliyobaki: saa za kufungua kama zilivyo kweli, namba ya simu, njia za malipo, menyu yenye bei, na alama ya ramani tukaivuta hadi kwenye mlango wenyewe. Jina tuliliacha kama lilivyo kwenye kibao. Kuna watu huongeza maneno kwenye jina, "Mgahawa Fulani Chakula Kitamu Bei Nafuu Sinza", wakidhani wataonekana zaidi. Kanuni za Google zinataka jina halisi la biashara peke yake, na ukurasa wenye jina la kutungwa unaweza kusimamishwa.

Kisha zikaja picha. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwingine, kwa sababu chakula cha wifi yangu ni kizuri na picha zake zilikuwa zikikisingizia. Wali ulionekana wa kijani kibichi, samaki wa kijivu, mchicha mweusi. Yeye alilaumu simu, iliyonunuliwa laki mbili na nusu. Nilisimama katikati ya mgahawa nikatazama juu. Eneo la mbele lilikuwa limeezekwa turubai la bluu. Mwanga wote uliokuwa ukiangukia sahani ulikuwa umepita kwenye bluu, na ndani kulikuwa na taa nyeupe ya umeme inayovuta upande wake. Simu ikipokea mianga miwili ya rangi tofauti haijui ifuate upi, na rangi ya nazi na ya binzari ndiyo inayoumia kwanza.

Dawa yake ni kuihamisha sahani. Tulitafuta mahali penye kivuli kisicho na rangi, tukapata kizingiti cha mlango wa nyuma, ambapo mwanga wa uani unaingia kwa ubavu bila jua kugusa chakula. Saa nne na nusu asubuhi ndiyo saa yenyewe. Kwetu huku jua la saa sita linasimama utosini, linatengeneza vivuli vifupi vikali chini ya kila kipande cha samaki na kuyafanya mafuta yang'ae kama kioo. Saa nne na nusu mwanga bado umelala upande, na chungu cha kwanza kimeshaiva. Meza ndogo ikawekwa pale, taa ya ndani ikazimwa, na karatasi nyeupe ya manila ikasimamishwa upande wa pili wa sahani ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Karatasi hiyo ya shilingi mia chache imefanya kazi kubwa kuliko simu mpya ambayo angenunua.

Kabla ya kupiga, futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu. Mpishi hushika simu kwa vidole vyenye mafuta, na ukungu ule mweupe unaozunguka picha nyingi za chakula mtandaoni ni mafuta hayohayo. Kisha gusa kioo cha simu mahali palipo na chakula ili simu ielewe unachokitazama, na ukiona wali umekuwa mweupe mno hadi punje hazitofautiani, punguza mwangaza kidogo kwa kuburuta kidole chini. Usivute picha karibu kwa vidole. Sogea wewe.

Pembe nayo hutegemea chakula. Sahani bapa yenye vitu vingi, wali upande huu, maharage na mchicha upande ule, hupigwa kutoka juu kabisa, kama ndege anavyoiona. Bakuli la mchuzi ukilipiga hivyo unaona duara tu, kwa hiyo unashuka hadi pale mtu aliyekaa kitini angeliona. Chapati zilizopangwa na mishkaki hupigwa kwa ubavu, kimo kwa kimo. Mvuke hauonekani mpaka nyuma yake pawe na giza na mwanga utokee nyuma ya sahani. Wifi yangu aliweka sufuria kubwa jeusi nyuma ya bakuli, na kwa mara ya kwanza supu ikaonekana ya moto.

Chakula hakingoji, na hilo anayepika analijua kuliko mpiga picha. Mchuzi ukimwagwa juu ya wali unanywewa ndani ya dakika tatu. Mchicha unasinyaa, ngozi ya samaki inafifia. Kwa hiyo tunapanga kila kitu kwanza kwa sahani tupu, tunaangalia mwanga, halafu chakula kinapakuliwa na mchuzi unamwagwa mwisho kabisa. Picha tano au sita, basi. Kitambaa cha meza chenye maua makubwa kinaondolewa, kwa sababu jicho la mtazamaji litakwenda kwenye maua.

Jambo moja sikumruhusu. Siku ya pili alitaka kuweka vipande viwili vya samaki kwenye sahani ya picha ili ipendeze, ilhali anauza kimoja. Mteja anayekuja kwa picha ile atahesabu. Sahani inayopigwa picha inapakuliwa na mhudumu yuleyule, kwa upawa uleule, na ikishapigwa inauzwa kwa mteja wa kwanza.

Maneno yanayofuatana na picha ni mafupi na yana mambo manne: leo kuna nini, bei gani, mpaka saa ngapi, na tuko wapi kwa alama anayoijua mtu wa mtaa. Kwa mfano: "Leo: wali wa nazi na samaki wa kupaka, 5,000. Tunapakua saa 5:30 hadi saa 8. Mtaa wa nyuma ya duka la dawa, kibao cha kijani." Wauzaji wengi wa mtandaoni huficha bei na kumwambia mtu aulize faragha. Kwa gauni la harusi labda. Mtu mwenye saa moja ya mapumziko na elfu sita mfukoni haulizi. Anakwenda penye bei anayoijua.

Picha hiyo moja ya asubuhi ndiyo inayotumika siku nzima, na mahali inapofanya kazi zaidi ni kwenye stetasi ya WhatsApp. Instagram tunaiweka kama dirisha la duka, picha mbili tatu kwa wiki, ili mtu akiusaka mgahawa aukute uko hai. Stetasi ni tofauti, kwa kuwa wanaoiona ni watu wenye namba yako na wewe una zao, na kwa mgahawa wa mtaa hao ndio wa dakika kumi. Wifi yangu alifungua laini nyingine kwa ajili ya kazi na kuipakia programu ya WhatsApp Business, ambayo ni bure. Inampa mahali pa kuweka menyu yenye picha na bei, saa za kazi, na majibu yaliyoandikwa tayari ambayo huyatuma kwa mguso mmoja huku mkono mwingine umeshika mwiko.

Ugumu uko kwenye kuseva namba. Stetasi haimfikii mtu mpaka nyote wawili mmeseviana. Ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa mkupuo nao una sharti hilohilo: orodha moja huchukua watu hadi 256, lakini haumfikii ambaye hajaseva namba yako. Ndiyo maana watu hutuma matangazo kwa mamia na kushangaa kimya kinachofuata. Sisi tuliandika kwenye kila meza: "Seva namba yetu, kisha tutumie neno MENYU, utaona chakula cha kila siku kabla ya saa tano na nusu." Mtu akituma neno hilo, naye anasevwa papo hapo kwa jina lake na mahali anapofanya kazi.

Njia hiyo ina faida nyingine. Wifi yangu ana Lipa Namba, na kila malipo huja na jina la mteja, mara nyingine na namba yake. Kishawishi cha kuzikusanya zote na kuzitumia matangazo ni kikubwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinalinda taarifa za mtu zisitumike kwa jambo ambalo hakuzitolea. Aliyelipa wali amekupa namba kwa ajili ya malipo. Aliyetuma neno MENYU amekuomba mwenyewe umtumie. Na hata huyo hatumiwi kila siku: stetasi huwekwa kila asubuhi, ila ujumbe wa moja kwa moja ni wa Ijumaa tu, wa pilau.

Baada ya hapo tukaja kwenye maoni na nyota. Mtafiti Michael Luca wa Harvard alilinganisha nyota za migahawa ya Seattle, Marekani, kwenye mtandao wa Yelp, na mapato yao. Aligundua kwamba nyota moja zaidi iliendana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. La muhimu kwetu ni sehemu ya pili ya matokeo yake: ongezeko hilo lilikuwa la migahawa inayojitegemea. Migahawa yenye matawi na jina kubwa haikuguswa, maana kila mtu alishajua atakula nini humo. Mgeni hana jinsi nyingine ya kuujua mgahawa wa meza saba isipokuwa kwa neno la aliyekwisha kula pale.

Wifi yangu aliposikia hayo alitaka kutangaza soda ya bure kwa kila anayempa nyota tano. Nilimzuia. Kanuni za Google haziruhusu kutoa zawadi au punguzo ili kupata maoni, na haziruhusu pia kuwachagua wateja wenye furaha peke yao na kuwaacha wenye malalamiko. Maoni ya namna hiyo huondolewa. Wahudumu na ndugu nao hawatakiwi kujiandikia. Mimi mwenyewe, kwa kuwa ni wifi, sijaandika hadi leo.

Unachoruhusiwa ni kuomba, na kuomba kuna namna yake. Ukurasa wa Google hukupa kiungo cha maoni pamoja na msimbo wa QR. Tuliuchapa stesheneri ukubwa wa nusu karatasi, tukauweka ndani ya plastiki na kuubandika pale keshia, ambapo mtu husimama akingoja malipo yapite. Keshia humwambia kila mteja maneno yaleyale: "Ukipata nafasi, tuandikie ulikula nini na ulikionaje." Hayo maneno "ulikula nini" yana kazi. Mtu akiombwa maoni tu huandika "pazuri". Akiombwa ataje chakula, huandika kwamba samaki wa kupaka alikuwa na nazi ya kutosha ila pilipili ilizidi, na mgeni anayetafuta samaki wa kupaka anapata jibu alilolitaka.

Wiki ya tatu yalikuja maoni ya nyota mbili. Mtu alifika saa nane kasoro dakika kumi akakuta chakula kimeisha, na ukurasa ulisema wanafunga saa tisa. Wifi yangu alikasirika. Alikuwa ameshaandika nusu ya jibu kwamba mteja angepiga simu kwanza. Tulilifuta, tukaandika jingine baada ya kunywa chai: "Pole kwa kutembea bure, na asante kwa kutuambia. Ni kweli ukurasa wetu ulisema saa tisa, na siku hiyo tulimaliza saa saba na nusu. Tumebadili saa kuwa hadi saa nane, na chakula kikiwahi kuisha tunaandika kwenye stetasi. Karibu tena." Jibu kama hilo halimlengi aliyelalamika peke yake. Linasomwa na kila atakayekuja baadaye kutazama ikiwa mwenye mgahawa ni mtu wa kusikia au wa kugomba. Na saa kwenye ukurasa zilibadilishwa kweli, jioni hiyohiyo.

Malalamiko yale yalitufundisha pia kwamba matangazo yanaweza kulishinda jiko. Jiko la wifi yangu linatoa sahani 60 hadi 70, na zikivuka hapo wali unaungua chini na foleni inafika mlangoni. Kumwita mtu kwa picha nzuri ili aambiwe "kimeisha" ni kulipia maoni mabaya. Kwa hiyo siku ambayo sahani 60 zimeshaagizwa kabla ya saa sita, hakuna stetasi ya pili.

Sasa niseme juu ya ofa, ambapo wenye migahawa wengi hupoteza pesa bila kujua. Wazo la kwanza la kila mtu ni kupunguza bei. Tufanye hesabu ya sahani ya wali samaki ya shilingi 5,000. Mchele, samaki, nazi, viungo na mkaa wa sahani moja vinamgharimu wifi yangu kama 2,000. Zinabaki 3,000 za kulipia pango, mishahara na riziki yake. Akiuza sahani 60 zinabaki 180,000. Akipunguza bei kwa elfu moja, kila sahani inabakiza 2,000, na ili apate 180,000 zilezile lazima auze sahani 90. Jiko halitoi sahani 90. Punguzo la asilimia 20 linadai wateja zaidi kwa nusu nzima, na hata wangekuja asingeweza kuwalisha. Halafu siku bei ikirudi 5,000, walewale waliozoea 4,000 watasema amepandisha.

Kadi ya mihuri ina hesabu nyingine. Mteja ananunua sahani kadhaa, kisha anapata moja bure. Sahani hiyo ya bure machoni pa mteja ina thamani ya 5,000, lakini kwa mpishi ni 2,000 za jikoni. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kadi ilipe. Ina sharti moja: sahani ya bure isiliwe siku ambayo kiti kile kingekaliwa na mtu wa kulipa. Ijumaa ya pilau watu hugombea nafasi, na sahani ya bure siku hiyo inamgharimu 5,000 kamili. Ndiyo maana kadi yake imeandikwa wazi kwamba zawadi ni siku yoyote isipokuwa Ijumaa.

Idadi ya mihuri nayo ina siri yake. Mwaka 2006 Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio walilofanya kwenye kituo cha kuoshea magari huko Marekani. Waligawa kadi 300. Nusu zilikuwa na nafasi nane tupu. Nusu nyingine zilikuwa na nafasi kumi, mbili zikiwa zimegongwa muhuri tayari. Kwa hesabu ni jambo lilelile, kuosha gari mara nane. Lakini waliopewa kadi tupu waliokamilisha walikuwa asilimia 19, na waliopewa kadi iliyokwisha kuanzwa walikuwa asilimia 34. Mtu anayeona safari imeshaanza hataki kuiacha njiani.

Kadi ya wifi yangu ikawa hivyohivyo: nafasi kumi, mbili zimegongwa siku ya kwanza, sahani nane za kununua, ya tisa bure. Kwa mapato ya 40,000 anatoa chakula cha 2,000, yaani asilimia 5, wakati punguzo la asilimia 10 kwa sahani hizohizo lingemgharimu 4,000 na mteja asingekuwa na sababu ya kurudi kwa ajili ya muhuri. Muhuri hugongwa kwa sahani ya 4,000 na kuendelea, ili aliyekula maharage mara nane asidai samaki. Kadi hudumu miezi mitatu. Nyuma ina namba ya WhatsApp na lile neno MENYU.

Mwezi wa kwanza kadi ilivuja. Mihuri ilikuwa mikononi mwa wahudumu, na rafiki zao wa kijiweni walikuwa wakijaza kadi kwa siku tatu. Tuligundua kwa njia nyepesi: tulihesabu sahani zilizouzwa kwa siku na kulinganisha na mihuri iliyogongwa, na siku moja mihuri ikazidi sahani. Sasa muhuri unakaa kwenye droo ya keshia, unagongwa baada ya malipo kupita, na keshia anaweka alama kwenye daftari. Muhuri wenyewe ulichongwa kwa umbo la samaki; ule wa kwanza, wa nyota, unauzwa kila stesheneri.

Gharama zote hizi zilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Kuchonga muhuri 25,000. Kadi 300 zilitoka kwenye karatasi 30 za manila, kumi kila karatasi, kuchapa na kukata 30,000. Karatasi ya QR na plastiki yake 5,000. Bando la laini ya kazi 10,000 kwa mwezi. Jumla 70,000 kwa mwezi wa kwanza, na baada ya hapo ni bando na kadi mpya zinapoisha. Kilicholipiwa kwa jasho ni nusu saa ya kila asubuhi, kuanzia saa nne na nusu, na wifi yangu aliniambia hiyo ndiyo ghali zaidi, kwa kuwa ndiyo saa ya kukuna nazi.

Tunajuaje kama inafanya kazi? Keshia humwuliza kila sura mpya, "Umetujuaje?" na kuchora kistari kwenye daftari lenye safu tano: nimepita, nimeletwa, ramani, stetasi, Instagram. Ukurasa wa Google nao huonyesha wangapi walibonyeza kuomba njia na wangapi walipiga simu. Idadi ya wafuasi hatuiandiki popote. Safu iliyojaa kuliko zote ni ya "nimeletwa", watu walioshikwa mkono na mwenzao wa ofisini, wengi wao wenye kadi. Ramani inafuata kwa mbali, karibu wote wageni wa mchana mmoja. Instagram ina vistari vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kama una mgahawa, kesho kabla hujapiga picha yoyote wala kulipia tangazo, andika jina lake kwenye Google Maps kwa simu ya mtu mwingine. Piga namba utakayoiona pale, ujue ni nani atakayepokea.